Uzi: Vikundi vinasema umbali, mahojiano ya kina yanasema mengine. Nizipangeje data hizi kwenye dhamira?

Mwaka wa Tatu

Habari zenu wanajukwaa. Nina kazi ya kozi ya utafiti wa kimaelezo na nimekwama mahali ambapo vitabu vya darasani havinisaidii. Swali langu ni kwa nini wajawazito wa kata moja ya vijijini mkoani Morogoro huanza kliniki wakiwa wamechelewa, wengi wao wakiwa na mimba ya miezi minne au mitano, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka hudhurio la kwanza lifanyike ndani ya wiki 12 za mwanzo.

Nilifanya majadiliano ya vikundi viwili, kila kikundi kikiwa na wanawake wanane, kisha nikafanya mahojiano ya kina na wanawake sita ambao hawakuwa kwenye vikundi hivyo. Katika vikundi, jibu lilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho: zahanati iko mbali, nauli ya bodaboda ni kubwa, na foleni ni ndefu. Katika mahojiano, umbali ulitajwa kwa kupita tu. Wanne kati ya sita walizungumzia mwenza: kwamba kliniki mjamzito huulizwa mume yuko wapi, na asiye naye hutakiwa arudi na barua ya serikali ya kijiji.

Msimamizi wangu ameandika pembeni ya rasimu, "Lipi ndilo jibu?" Nami sijui. Jambo la pili ni kwamba nimekwisha kuweka misimbo, yaani majina mafupi ya kinachosemwa katika kila kipande, kwenye nakala zote, nimepata misimbo zaidi ya tisini, na sioni namna ya kuifikisha kwenye dhamira nne au tano ninazotakiwa kuziandika. Naomba mwenye uzoefu anielekeze.

Takwimu Tupu

Ndugu, tatizo lako linaanzia kwenye sampuli. Wanawake ishirini na wawili hawawezi kuwakilisha kata nzima, na ndiyo maana majibu yanapingana. Chukua idadi ya wajawazito waliosajiliwa, kisha tumia fomula ya Yamane:

```
n = N / (1 + N(e)^2)
```

Kwa mfano, ukiwa na wajawazito 400 na kosa la 0.05, utahitaji watu 200. Wape hojaji, ingiza majibu kwenye SPSS, na utaona wazi ni asilimia ngapi wanasema umbali na ni asilimia ngapi wanasema mwenza. Msimamizi hatauliza tena.

Mnukuzi

Ndugu Takwimu Tupu, fomula hiyo ni sahihi kwa kazi yake, yaani kukadiria ni sehemu gani ya watu wenye sifa fulani katika kundi linalojulikana ukubwa wake. Mwanzisha uzi hakuuliza wangapi wanachelewa. Ameuliza kuchelewa huko hutokeaje. Hata akiwapa hojaji wanawake 200, bila shaka wengi watatia alama kwenye umbali, kwa sababu ile ile iliyowafanya wanawake wa vikundi waseme umbali. Atakuwa na asilimia nzuri ya jibu lile lile ambalo tayari analo, na kitendawili kitabaki palepale.

Sasa nije kwako, Mwaka wa Tatu. Nimefanya kazi ya kunukuu na kuchambua mazungumzo ya watafiti kwa muda mrefu, na hali yako si ngeni. Kabla sijasema lolote kuhusu misimbo, ningependa unieleze mambo matatu. Ni nani aliyewaita wanawake wa vikundi na walikaa wapi? Katika kikundi kimoja walikuwemo watu wa umri na vyeo gani katika familia? Na maneno kamili ya swali lako la kwanza yalikuwa yapi, katika kikundi na katika mahojiano? Uandike kama ulivyouliza siku hiyo, si kama yalivyo kwenye mwongozo.

Mwaka wa Tatu

Ahsante sana. Wanawake wa vikundi waliitwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na tulikaa kwenye baraza ya zahanati kwa sababu ndipo palipokuwa na mabenchi. Umri ulichanganyika. Katika kikundi cha kwanza walikuwemo mabinti wa miaka 19 na 20, wanawake wa makamo, na mama watu wazima wawili ambao wana wakwe katika kijiji hicho hicho.

Katika vikundi niliuliza, "Kwa nini wanawake wa hapa huchelewa kuanza kliniki?" Katika mahojiano niliuliza, "Naomba unisimulie ujauzito wako wa mwisho, tangu ulipojitambua mpaka siku ulipokwenda kliniki mara ya kwanza." Mahojiano yalifanyika nyumbani kwa kila mmoja.

Mnukuzi

Basi umekwisha kujijibu nusu. Uliuliza maswali mawili tofauti, ukapata majibu mawili tofauti. Kikundi kiliulizwa juu ya "wanawake wa hapa", mbele ya mama wakwe, kwenye baraza ya kituo kile kile ambacho utaratibu wake ungelaumiwa, huku aliyewaita akiwa ni mtu wa kituo hicho. Kilichosemwa hapo ni sababu ambayo mwanamke wa kijiji hicho anaweza kuitaja hadharani bila kumuumbua mtu yeyote, na hiyo nayo ni data. Mahojiano yalimwomba mtu mmoja asimulie mfuatano wa mambo yaliyomtokea yeye. Msimamizi akiuliza lipi ndilo jibu, mjibu kwamba la kwanza ni jibu la swali "nini kinachosemeka hapa" na la pili ni jibu la swali "nini kilitokea". Utafiti wako unahitaji la pili kwanza, na unalitumia la kwanza kueleza kwa nini la pili halisikiki.

Majadiliano ya kikundi yana nguvu pale unapotaka kuona watu wanavyokubaliana, wanavyokosoana na wanavyorekebishana. Anayetumia kikundi ili apate wahojiwa wanane kwa saa moja amenunua kitu ambacho hatakitumia.

Binti wa Pwani

Ninaunga mkono. Mimi ni muuguzi na niliwahi kusoma utafiti mmoja uliofanyika Malawi na kuchapishwa mwaka 1994, kuhusu wasichana na mambo ya kujamiiana. Watafiti waliona kwamba mambo waliyoyapata kwa mahojiano ya mtu mmoja mmoja yalitofautiana na yale ya vikundi, wakahitimisha kwamba kwa taarifa nyeti vikundi peke yake havitoshi. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: jambo likiwa nyeti, usitumie kikundi kabisa. Vikundi ni vya mambo ya kawaida kama maji, barabara na bei za mazao.

Mnukuzi

Dada, utafiti huo wa Malawi umeukumbuka vizuri, lakini kanuni uliyoitoa ni kali kuliko ushahidi wake. Upo pia utafiti wa Meksiko kuhusu mikoko ya pwani ya Yukatani, uliochapishwa mwaka 2000, ambao uliona mahojiano ya mtu mmoja yakiibua mada nyeti mara 18 zaidi ya vikundi. Huo unakuunga mkono. Lakini mwaka 2017 Guest na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa Durham, Karolina ya Kaskazini, ambako wanaume Wamarekani weusi waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi waingie vikundini na wengine wahojiwe peke yao, wote wakiulizwa maswali yale yale. Humo baadhi ya mambo nyeti ya binafsi yalitajwa zaidi kwenye vikundi. Mtu mmoja akithubutu kusema, wenzake hupata ruhusa ya kusema.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani anayesikia. Wanawake wasiokuwa na wenza wakikaa peke yao chini ya mti, bila mama mkwe na bila mtu wa zahanati, huenda wakasema habari ya barua kwa ukali kuliko walivyoisema kwenye mahojiano. Hatari inayobaki ni usiri. Mtafiti anaweza kuahidi mdomo wake mwenyewe, lakini hawezi kuahidi midomo ya watu wanane. Ndiyo sababu katika kikundi hatumuulizi mtu jambo lililompata yeye. Tunaweka kisa cha mtu wa kubuni, tuseme binti ambaye mwenzake amekwenda machimboni na simu haipokelewi, kisha tunauliza mtu kama huyo hapa kijijini angefanya nini.

Mwaloni

Mimi nafanya shahada ya uzamili Mwanza na data zangu ni za wachuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Naomba nichangie kwa yaliyo ya kwangu, maana naona hakuna aliyegusa habari ya kunukuu. Kikundi cha watu wanane kwenye rekodi ni kelele tupu usipojipanga. Watu wanasema kwa pamoja, na ukirudi nyumbani hujui aliyesema bei imepangwa na madalali ni mchuuzi au ni dalali mwenyewe. Mimi huwa na msaidizi ambaye hamwulizi mtu chochote. Anachora mpangilio wa viti, anampa kila mtu namba, na kila mtu anapoanza kusema anaandika namba yake na maneno yake mawili matatu ya mwanzo. Karatasi hiyo ndiyo inayoniokoa wakati wa kunukuu. Aidha, huandika kimya kinapoingia, kicheko, na mtu anapoondoka.

Muda nao si mchezo. Saa moja ya mahojiano ya mtu mmoja huchukua saa nne hadi sita za kunukuu kwa mtu aliyezoea, na kikundi huzidi hapo. Sasa swali langu kwa Mnukuzi: mimi nina dalali mmoja ambaye amezungumza karibu nusu ya kikundi chote. Je, nimtoe?

Mnukuzi

Ndugu Mwaloni, usimtoe. Kwamba dalali alizungumza nusu ya mazungumzo katika kikao cha kuzungumzia bei ni jambo linalohusu bei. Angalia wachuuzi walifanya nini baada ya kila alipomaliza kusema: walimpinga, walinyamaza, au walibadilisha mada. Ila fungua uzi wako tuutazame vizuri, tusimwache mwenye swali.

Na kweli, karatasi ya namba aliyoitaja ndugu yetu ni ya lazima. Mwaka wa Tatu, una namba za wasemaji? Kama unazo, tuwekee hapa kipande kifupi cha mahojiano na kipande kifupi cha kikundi, pamoja na misimbo uliyoiweka.

Mwaka wa Tatu

Namba ninazo. Nimeondoa majina ya watu na ya mahali. Hiki ni kipande cha mahojiano ya nne:

"Nilijua mwezi wa pili. Nikamwambia shangazi, akasema ngoja kwanza, mimba haijakaa. Baba wa mtoto alikuwa safarini, simu hapokei. Na pale kliniki ukienda peke yako wanakuuliza mwenzako yuko wapi. Nikaona, niende nikaulizwe mbele za watu? Nikangoja mwenyekiti arudi, akaniandikia barua, ndiyo nikaenda. Hapo mwezi wa tano."

Misimbo niliyoiweka ni: changamoto za familia, mila na desturi, ushirikishwaji wa wanaume, changamoto za kituo cha afya.

Na hiki ni cha kikundi cha kwanza. Namba 1 ni mama mtu mzima, namba 7 ni binti:

Namba 3: Zahanati ni mbali, bodaboda elfu tatu, hapo ni kwenda tu.
Namba 6: Na ukifika, foleni.
Namba 1: Wengine ni uvivu. Sisi tulizaa na tulikwenda.
(Kimya. Wawili wanacheka.)
Namba 7: Wengine wanangoja mambo yao yakae sawa.
Namba 1: Mambo gani?
Namba 7: Basi tu, ya nyumbani.
Namba 3: Ni mbali jamani, tusidanganyane.

Misimbo: umbali, gharama, foleni, mtazamo hasi, umbali.

Mnukuzi

Vipande hivi ni vizuri sana, na shida yako inaonekana wazi ndani yake. Misimbo yako mingi ni majina ya makabati. "Changamoto za familia" ungeweza kuiandika kabla hujafika kijijini. Haina neno hata moja la yule dada, wala haisemi kilichotokea. Ukiwa na misimbo tisini ya namna hiyo, utaikusanya kwenye makabati makubwa zaidi, uyaite dhamira, na mwisho utaandika sura inayosema kwamba kuna changamoto za familia, za kiuchumi na za kituo. Msimamizi atakuuliza, "Kwa hiyo?"

Tuanze upya na mahojiano ya nne. Soma sentensi kwa sentensi na ujiulize mtu huyu anafanya nini au anangoja nini. Mimi ningeweka hivi: kungoja mimba itulie kabla ya kuitangaza, mwenza hapatikani, kuepuka kuulizwa habari za mwenza mbele za watu, barua ya mwenyekiti inachukua nafasi ya mwenza. Misimbo hii ni mirefu, na ni sawa iwe mirefu. Mtu ambaye hajasoma nakala yako anaweza kuiona na kuelewa kilichokuwemo. Sasa tazama mpangilio wake. Dada huyu hakuwa na sababu nne zilizokaa sambamba, bali alingoja mara tatu kwa zamu: alingoja mimba ikae, akamngoja mwenza, akamngoja mwenyekiti. Kati ya mwezi wa pili na wa tano umbali wa zahanati haukupungua hata hatua moja. Kilichobadilika ni kwamba alipata karatasi ya kumwezesha kuingia bila kuaibishwa.

Kisha chukua kikundi. Umeweka msimbo wa umbali mara mbili, kana kwamba namba 3 amerudia jambo lile lile. Hakurudia. Mara ya kwanza alikuwa anajibu swali lako. Mara ya pili namba 7 alikuwa amebanwa na mama mtu mzima aeleze "mambo gani", na namba 3 akaurudisha mjadala barabarani. Huenda alikuwa anamwokoa binti, huenda alikuwa anakwepa ugomvi. Hatujui nia yake na tusimwandikie nia. Tunachoweza kuonyesha ni kwamba umbali ulitumika kufunga mazungumzo ya nyumbani. Kwa hiyo sehemu hiyo inahitaji misimbo ya mwenendo wa mazungumzo: mtu mzima anadai maelezo, binti anajibu kwa fumbo, kurudi kwenye umbali baada ya habari za nyumbani kuguswa. Tena tazama maneno "wanangoja mambo yao yakae sawa". Shangazi wa mahojiano ya nne naye alisema "ngoja". Jambo la mahojiano lilikuwemo kikundini tangu mwanzo, ila lilisemwa kwa sauti ya chini na misimbo yako ikalipita.

Binti wa Pwani

Naomba nipinge kidogo kuhusu umbali. Kazini kwangu nimewaona akina mama wanaopiga hesabu. Ukianza mwezi wa pili utapangiwa tarehe nyingi za kurudi, ukianza mwezi wa tano zitakuwa chache. Mwenye fedha za safari chache anazihifadhi za mwishoni, anapoona ndipo penye hatari. Kwa hiyo umbali haukupungua, ni kweli, lakini bado unaweza kuwa ndio sababu ya kuchelewa. Ninyi mnauondoa haraka mno kwa sababu tu ulisemwa hadharani.

Mnukuzi

Hoja hiyo ina uzito na ninaipokea. Ndiyo kazi hasa ya hatua inayofuata, kwa sababu dhamira haiandikwi kwanza halafu ikatafutiwa nukuu. Mwaka wa Tatu, rudi kwenye nakala zote na utafute mahali ambapo mtu anahesabu safari au fedha. Ukipata mwanamke anayesema "nilianza mwezi wa tano ili niende mara chache", basi umbali ni sababu kamili ya kuchelewa na una njia mbili zinazofika mahali pamoja. Usipompata hata mmoja kwenye mahojiano, andika hivyo, na useme kwamba mahojiano sita ni machache mno kuifuta njia hiyo.

Mtafute pia yule anayekuharibia hadithi. Umesema wanne kati ya sita walitaja mwenza. Hao wawili waliobaki wanasemaje?

Mwaka wa Tatu

Mmoja aliwahi, alianza ndani ya mwezi wa tatu. Mumewe yupo na alimsindikiza. Wa pili ana mume, mume yuko nyumbani, na bado alianza mwezi wa tano. Alisema ni mimba yake ya nne na "hakuna jipya wanaloniambia". Huyo nilimweka kwenye msimbo wa "uelewa mdogo".

Mnukuzi

Mtoe huko leo hii. Mwanamke aliyezaa mara tatu na kupima kwamba ziara ya mapema haimpi kitu hana uelewa mdogo. Amefanya tathmini, unaweza usikubaliane nayo, lakini "uelewa mdogo" ni hukumu yako, si maneno yake. Huyu ndiye wa thamani kuliko wote, kwa sababu anakuzuia kuandika kwamba kila anayechelewa anangoja mwenza.

Ukiniuliza, dhamira yako ya kwanza inaelekea kuwa sentensi kama hii: mjamzito huanza kliniki pale anapokuwa na la kujibu atakapoulizwa, si pale anapojitambua. Ya pili inaweza kuhusu umbali kama jibu lisilomgusa mtu, nayo itasimama hasa juu ya data za vikundi. Ya tatu ni ya huyu mama wa mimba ya nne: ziara ya mapema inapimwa kwa faida yake. Hapo ndipo hesabu za safari alizozitaja dada muuguzi zitakapoingia, kama zimo. Dhamira tatu zenye madai ni bora kuliko tano zenye majina. Kipimo changu ni kwamba dhamira ikiwa haiwezi kukanushwa na mtu yeyote, bado ni kichwa cha habari tu.

Kwa kazi yenyewe huhitaji programu ya kununua. Taguette ni ya bure na inatosha. Hata jedwali la Excel lenye safu za namba ya msemaji, nukuu, msimbo na maoni yako linatosha kwa nakala nane. Weka safu nyingine inayoonyesha kama nukuu imetoka kikundini au kwenye mahojiano, ili baadaye usizichanganye. Na ufanye kazi hiyo yote kwa Kiswahili, kwenye maneno yaliyosemwa. Kama ripoti inatakiwa iwe kwa lugha nyingine, tafsiri nukuu zile tu utakazoziweka kwenye ripoti.

Takwimu Tupu

Ninakubali kwamba nililielewa swali vibaya, lakini bado sijaridhika. Hapo juu Mnukuzi amesoma kipande kimoja na kuweka misimbo yake, mwanafunzi amesoma kipande hicho hicho na kuweka mingine. Nitajuaje nani yuko sahihi? Sisi kwetu ni lazima watu wawili waweke misimbo kila mmoja peke yake, kisha ikokotolewe kapa ya Cohen, yaani kipimo cha kulingana kwa misimbo yao. Ikifika 0.8 tunaendelea, isipofika tunarudia. Pia asiandike "wanne kati ya sita" bila kutoa asilimia.

Mnukuzi

Kuhusu asilimia nitakuwa mkali. "Asilimia 67 ya wahojiwa" kwa watu sita humfanya msomaji adhani kuna jambo limepimwa. Sema wanne kati ya sita. Kwa vikundi, usihesabu watu kabisa. Namba 2, 4, 5 na 8 hawakusema kitu kwenye kipande kile, na kunyamaza kwao si kukubali. Unaweza tu kusema kwamba jambo lilijitokeza katika vikundi vyote viwili na hakuna aliyelipinga waziwazi.

Kuhusu kapa, watu wazima wa fani hii hawajakubaliana. Braun na Clarke, ambao makala yao ya mwaka 2006 ndiyo karibu kila mwanafunzi huitaja, wanapinga matumizi ya kapa katika uchambuzi wa namna yao, kwa sababu kwao msimbo ni tafsiri ya mchambuzi, na watu wawili kulingana huweza kuonyesha tu kwamba wamefundishwa kuona kitu kimoja. Wengine, hasa kwenye miradi ya afya yenye wachambuzi wengi na orodha ya misimbo iliyokubaliwa mapema, wanaitaka, na wana sababu zao. Kibaya ni kumtaja Braun na Clarke kwenye sura ya mbinu kisha kuleta kapa kwenye sura ya matokeo. Chagua nyumba moja. Mwaka wa Tatu amuulize msimamizi wake anataka ipi.

Takwimu Tupu

Kwa hiyo kila mtu na tafsiri yake? Hapo hatutaelewana.

Mwaloni

Msimamizi wangu mimi anataka kapa na Braun na Clarke kwa pamoja. Sijui nimwambieje.

Mwaka wa Tatu

Nimerudi kwenye nakala. Nimepata sehemu mbili zenye hesabu za safari, zote kwenye kikundi cha pili, na hakuna hata moja kwenye mahojiano. Moja inasema, "Ukianza mapema utakwenda mpaka uchoke." Nimeiwekea msimbo wa "kupunguza idadi ya safari kwa kuanza baadaye".

Nina maswali mawili ya mwisho. Nimesoma kwamba mahojiano 12 ndiyo kiwango cha data kutosheka, yaani mahojiano mapya yasipoleta tena jambo jipya. Je, sita zangu zitakataliwa? Na je, niongeze kikundi cha tatu cha mabinti peke yao, mbali na zahanati?

Mnukuzi

Hiyo 12 imetoka kwenye makala ya Guest, Bunce na Johnson ya mwaka 2006. Walikuwa na mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, na waliona sehemu kubwa ya misimbo imekwisha kujitokeza ndani ya 12 ya kwanza, na mambo ya msingi tangu kwenye sita. Lakini wanawake wale walifanana kwa kiasi kikubwa na waliulizwa maswali yale yale. Wako wamechanganyika, kwa hiyo usiichukue 12 kama sheria wala sita kama kinga. Andika kwamba mahojiano ya tano na ya sita yalileta nini kipya. Kama ya sita ndiyo ya mama wa mimba ya nne, basi data zako bado zilikuwa zinazaa, na ukweli huo uandikwe kwenye mapungufu.

Kuhusu kikundi cha tatu, ningefanya, kwa kutumia kisa cha kubuni nilichokieleza hapo juu. Mabinti watano au sita wanatosha.

Binti wa Pwani

Mimi nisingefanya. Kijiji ni kidogo. Mabinti wasio na wenza wakiitwa pamoja, kijiji kizima kitajua wameitiwa nini hata kabla hawajaketi. Ongeza mahojiano mawili nyumbani kwao. Tena kwenye ripoti ubadilishe ile habari kwamba mwenyekiti alikuwa safarini, maana hapo kijijini wiki hiyo inajulikana, na binti aliyengoja barua wiki hiyo naye atajulikana.

Mnukuzi

La mwenyekiti nakubaliana nawe kabisa, liondolewe. La kikundi, wangeweza kuitwa mabinti wote wa umri huo, walioolewa na wasioolewa, ili wito wenyewe usimtaje mtu.

Binti wa Pwani

Ukiwachanganya walioolewa na wasioolewa umerudisha namba 1 kwenye benchi, ila safari hii ana miaka ishirini.

Mwaka wa Tatu

Nitafanya mahojiano mawili kwanza, na kikundi nitamuuliza msimamizi. Nikimaliza kuweka misimbo upya nitaileta hapa ile ya kikundi cha pili, kwa sababu huko kuna mahali ambapo watu watatu wanasema kwa pamoja na karatasi ya namba inaonyesha mmoja tu.